Nyota Zao Haziendani

Biashara ya watu wawili inapovunjika, kwetu kuna maelezo ambayo hayahitaji ushahidi: nyota zao haziendani. Yanasemwa msibani, yanasemwa kwenye daladala, yanasemwa na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu chochote cha falaki. Yana upole fulani, kwa sababu hayamlaumu yeyote. Aliyekula mtaji na aliyeliwa mtaji wote wanatoka wasafi, na mzigo unabebwa na anga.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na upole huo ndio unaonisumbua. Nataka kuuliza swali la maadili ambalo watu wengi hulipita wakikimbilia lile la kisayansi. Sijali sana hapa kama sayari zinaathiri ushirika wa kibiashara. Sijaona sababu ya kuamini hivyo. Nauliza hivi: je, ni haki kumpima mtu unayetaka kufanya naye kazi kwa ramani ya anga ya siku aliyozaliwa? Swali hili halijibiki kwa dharau. Inabidi kwanza tuone wanajimu wanafanya nini hasa wanapoweka ramani mbili pamoja.

Kazi hiyo wao huiita sinastri. Ramani ya kuzaliwa ni duara la digrii 360 lililogawanywa katika alama kumi na mbili, kuanzia Kondoo hadi Samaki, kila moja ikiwa na digrii 30. Ndani yake huandikwa mahali palipokuwa na Jua, Mwezi na sayari nane wakati mtu anazaliwa. Katika sinastri, mnajimu huchukua ramani mbili na kuzilaza moja juu ya nyingine, kisha hupima umbali kati ya kila sayari ya mtu wa kwanza na kila sayari ya mtu wa pili. Umbali ukikaribia digrii 0, 60, 90, 120 au 180, anasema sayari hizo zinagusana. Digrii 0 ni kukutana, 180 ni kukabiliana, 90 ni mraba wenye msuguano, na 60 na 120 ni pembe za maelewano. Kwa kuwa sayari hazikai kwenye digrii kamili, kila mnajimu huruhusu mwanya fulani. Wakali huruhusu digrii 3, wakarimu 6 au zaidi.

Wazo la kutenganisha ushirika wa kazi na ule wa mapenzi ni la kale. Batlamiyusi wa Iskandaria, aliyeandika katika karne ya 2, aligawa urafiki katika aina tatu: ule wa hiari, ule wa mahitaji, na ule wa raha na maumivu. Kila aina aliipa sehemu yake ya ramani ya kutazama. Wanajimu wa leo hufuata mantiki kama hiyo. Kwa wapenzi hukimbilia Zuhura na Mirihi, yaani mvuto na tamaa. Kwa washirika wa kazi hutazama kwanza sayari nyingine. Utaridi ni mazungumzo na hesabu. Mirihi ni namna ya kutenda na kugombana. Mushtarii ni imani na upanuzi. Zohali ni wajibu, mipaka na deni. Ushirika wa kazi usio na mguso wa Zohali, wanasema, hauna gundi. Wenye Zohali nzito mno una pingu.

Tuchukue kesi moja ambayo tarehe zake zinajulikana na mwisho wake pia: Steve Wozniak, aliyezaliwa San Jose tarehe 11 Agosti 1950, na Steve Jobs, aliyezaliwa San Francisco tarehe 24 Februari 1955. Pamoja na Ronald Wayne, walianzisha Apple tarehe 1 Aprili 1976.

Mguso wa kwanza ungemfanya mnajimu yeyote atabasamu. Jua la Jobs liko karibu digrii ya 6 ya Samaki. Mushtarii ya Wozniak iko karibu digrii ya 5 ya Samaki hiyohiyo. Mwanya hauzidi digrii moja na ushee. Mushtarii ya mmoja kukaa juu ya Jua la mwingine ndio mguso unaotafutwa zaidi na watu wa biashara. Husomwa kwamba mwenye Mushtarii anampa mwenye Jua nafasi ya kukua, anamwamini, anamfungulia milango. Wozniak alibuni mashine, Jobs akawa jina ambalo dunia inalitaja. Ni vigumu kutotikisa kichwa.

Mguso wa pili ni wa Utaridi. Utaridi ya Jobs iko digrii ya 14 ya Ndoo, na Jua la Wozniak liko digrii ya 18 ya Simba, upande wa pili wa duara. Zinakabiliana kwa mwanya wa digrii 4. Husomwa kwamba mmoja anazungumza kuhusu kile ambacho mwingine ni. Jobs aliiuza kazi ya Wozniak kwa maneno ambayo Wozniak mwenyewe hakuwa nayo. Lakini Utaridi zao zenyewe zimeachana karibu digrii 150, umbali usiomo katika pembe zile tano. Mnajimu angesema wanasikilizana kama watu wanaohitaji mkalimani.

Mguso wa tatu ni Mirihi kwa Mirihi. Ya Jobs iko digrii ya 29 ya Kondoo, mwishoni kabisa. Ya Wozniak imeingia Ng'e muda mfupi tu, haijamaliza digrii ya kwanza. Zinakabiliana kwa mwanya wa kama digrii moja na nusu, ingawa kwa kuhesabu alama haziko mkabala, kwa sababu moja imeshavuka mpaka. Hapa wanajimu wenyewe hugawanyika. Wanaohesabu digrii watasema hawa wawili wanavuta kamba pande mbili. Wanaohesabu alama watasema mguso haupo.

Mguso wa nne ndio wenye uzito kuliko yote katika biashara. Zohali ya Jobs iko digrii ya 21 ya Ng'e. Jua la Wozniak, kama tulivyoona, liko digrii ya 18 ya Simba. Umbali ni digrii 93, yaani mraba wenye mwanya wa 3. Zohali ya mtu ikilipiga Jua la mwingine mraba, husomwa kwamba mwenye Zohali anamwekea mwenzake mipaka, anamdai, anampunguza, hata kama hakusudii.

Mpaka hapa ramani inasoma vizuri kupita kiasi: ukuaji, mauzo, mvutano, ukandamizaji. Ungeweza kusimama hapo na kuondoka umeridhika. Mimi nilifanya hesabu moja ndogo. Ukiweka miili kumi ya mtu mmoja mbele ya kumi ya mwingine, unapata jozi 100. Pembe zile tano zinagusa duara katika sehemu nane, kwa sababu 60, 90 na 120 zinahesabika kulia na kushoto. Ukiruhusu mwanya wa digrii 6 kila upande, kila sehemu inachukua digrii 12, na zote nane zinachukua 96 kati ya 360. Hiyo ni zaidi kidogo ya robo. Kwa hiyo watu wawili wowote, waliopishana kwenye kivuko cha Kigamboni bila hata kutazamana, wanatarajiwa kuwa na miguso kama 27. Ukibana mwanya hadi digrii 3, inabaki 13. Katika miguso 13 hutakosa minne inayosimulia hadithi unayoijua tayari.

Mnajimu makini analijua hili, na ana jibu. Atakuambia miguso haina uzito sawa, na kipimo kimojawapo cha uzito ni kasi ya sayari. Kadiri sayari inavyokwenda taratibu, ndivyo mguso wake unavyogawanywa kwa watu wengi zaidi. Mwezi hutembea kama digrii 13 kwa siku, kwa hiyo mguso wake ni wa mtu mmoja kweli, na ukikosea saa ya kuzaliwa unaupoteza. Mirihi ya mwezi ule wa Agosti ilikuwa ikitembea zaidi ya nusu digrii kwa siku, kwa hiyo dirisha la digrii 3 kila upande lilidumu kama siku kumi. Mushtarii ya mwaka 1950 ilipanda na kurudi nyuma ndani ya digrii zilezile za Samaki. Kwa mwanya wa digrii 3, watoto waliozaliwa kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi karibu mwisho wa Agosti, duniani kote, walikuwa na Mushtarii juu ya Jua la Steve Jobs. Ule mguso wa baraka tulioutikisia kichwa unamhusu Wozniak pamoja na kila mtoto wa miezi ile.

Kanuni hii ya kasi ni sehemu bora ya ufundi wao, na ndiyo inayotufikisha penye kidonda. Mwaka 1975, kabla ya Apple, Jobs alipewa kazi na kampuni ya Atari kutengeneza mchezo wa Breakout kwa vipande vichache vya elektroniki iwezekanavyo. Alimwomba Wozniak amsaidie, na Wozniak akaimaliza kwa siku nne, karibu bila kulala. Kwa maelezo ya Wozniak, Jobs alimwambia malipo ni dola 700 na akampa nusu, 350. Miaka mingi baadaye Wozniak akaja kujua kwamba kulikuwa na bonasi ya maelfu ya dola, ambayo hutajwa kuwa 5,000. Jobs alipoulizwa na mwandishi wa wasifu wake, Walter Isaacson, alikana. Alisema alimpa nusu ya alichopokea. Wozniak kwa upande wake amesema kilichomuuma ni kutoambiwa ukweli, kwani fedha angemwachia kama angeziomba.

Tuulize sasa ramani: mguso gani unaonyesha kisa hiki? Sayari ambayo wanajimu huihusisha na ukungu na udanganyifu ni Neptuni. Neptuni ya Jobs iko digrii ya 28 ya Mizani, na Mirihi ya Wozniak, sayari ya kazi na jasho, iko pale mwanzoni mwa Ng'e. Zimekutana kwa mwanya usiofika digrii 3. Jasho la mmoja limefunikwa na ukungu wa mwingine. Hakuna mguso katika ramani hizi mbili unaokaa juu ya tukio lake vizuri namna hii.

Na hakuna usiostahili kutumika zaidi ya huu. Neptuni hutembea kama digrii mbili tu kwa mwaka. Kwa mwanya uleule, watu waliozaliwa katika jumla ya miaka miwili hadi mitatu hivi ndani ya miaka ya 1950 wana Neptuni juu ya Mirihi ya Wozniak. Bill Gates, wa Oktoba 1955, anayo.  Kama Wozniak angeonywa mwaka 1975 amwogope Jobs kwa sababu ya mguso huu, angekuwa ameonywa aogope kizazi.

Hapo ndipo ninapoliona kosa la kimaadili, na halitokani na uongo wa unajimu peke yake. Linatokana na aina ya ushahidi. Nikikataa kushirikiana nawe kwa sababu ulikopa ukakimbia, unaweza kunijibu. Unaweza kusema sikukimbia, niliugua, risiti hizi hapa. Unaweza pia kukiri na kubadilika. Lakini nikikukataa kwa sababu Zohali yako inalipiga mraba Jua langu, huna la kusema. Hukutenda, huwezi kukanusha, huwezi kutubu. Nimekuhukumu kwa jambo ambalo halina upande wa utetezi. Ni ndugu wa karibu wa kumkataa mtu kwa kabila lake, na kasi ya Neptuni inaonyesha kwamba udugu huo si wa mfano tu, kwani kweli unamhukumu kwa kundi alilozaliwa nalo.

Upande wa pili wa kosa hilo ni ule upole nilioanza nao. Anayeweza kuhukumiwa bila kutenda anaweza pia kusamehewa baada ya kutenda. Kama dola zile zilipotelea kwenye ukungu wa Neptuni, basi hakuna aliyezificha.

Swali hili si la vitabuni kwangu. Mwenzangu wa darasa nami tunapanga kufungua ofisi ndogo ya tafsiri na uhariri tukimaliza tasnifu. Yeye anaamini mambo haya, kwa kiasi, na aliniomba saa niliyozaliwa. Cheti changu kina tarehe tu. Mama anasema ilikuwa alfajiri. Alfajiri si saa; alama inayochomoza upande wa mashariki husogea digrii moja kila dakika nne, hivyo ndani ya alfajiri ya saa moja na nusu ramani yangu inaweza kuzunguka zaidi ya digrii ishirini. Nilimweleza hivyo, akacheka.

"Basi tutumie njia ya bibi yangu," akasema. Bibi yake, mtu wa Pangani, hakuhitaji saa. Watu wa falaki wa pwani hujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako kwa hesabu ya abjadi, hugawanya kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako.

"Na zikikataa?"

"Zikikataa tutajua pa kuangalia."

Jibu lake lilinikaa. Kuna tofauti kati ya ramani inayojibu na ramani inayouliza. Mnajimu mzuri wa washirika akiona Zohali ya mmoja inalibana Jua la mwingine, anachosema kwa kawaida ni hiki: nani kati yenu anashika hesabu, na mwenzake anaruhusiwa kuziona lini? Akiona Mirihi zinakabiliana anauliza mkitofautiana nani ana kauli ya mwisho. Akiona Neptuni juu ya Mirihi anauliza malipo ya kazi yanaandikwa wapi. Hayo ni maswali ambayo washirika wanaopendana huona aibu kuulizana. Sayari inawaondolea aibu. Aliyeuliza si mimi, ni Zohali.

Nalikubali hilo, kwa sharti moja. Swali likishaulizwa, jibu litoke kinywani mwa mtu, na ndilo litakaloamua. Sharti hili lina makali. Linaniruhusu kukuuliza kuhusu madeni yako kwa sababu ya Zohali, lakini halinipi ruhusa ya kuendelea kukushuku baada ya kunionyesha taarifa ya benki. Na maswali yaleyale niwe tayari kumuuliza mshirika ambaye ramani yake inameremeta, kwa kuwa Mushtarii juu ya Jua haimwambii mtu nani anatia sahihi hundi.

Mfano ninaouegemea ni wa mshirika wa tatu, yule ambaye historia humtaja kwa kejeli. Ronald Wayne alikuwa na asilimia 10 ya Apple na alijitoa baada ya siku kumi na mbili, kwa dola 800. Alizaliwa tarehe 17 Mei 1934. Jua lake liko digrii ya 26 ya Ng'ombe, mkabala na Zohali ya Jobs kwa mwanya wa digrii 5. Mnajimu angesema, unaona, Zohali imemfukuza. Wayne mwenyewe ameeleza sababu yake wazi. Ule ulikuwa ushirika wa kawaida wa kisheria, ambamo kila mshirika huwajibika kwa madeni ya wote. Jobs alikuwa anakopa ili kutimiza oda ya kwanza. Vijana wale wawili hawakuwa na mali ya kukamatwa. Yeye alikuwa nayo.

Watu humcheka kwa mabilioni aliyoyaacha. Mimi naona kwamba katika wote watatu, yeye ndiye aliyelisoma swali la Zohali mahali linapoandikwa, kwenye kifungu cha madeni, na jibu lake linaweza kujadiliwa na mtu yeyote mwenye mkataba ule mkononi. Unaweza kusema alikosea, na yeye anaweza kukujibu.

Mwenzangu nami bado hatujafanya hesabu ya abjadi. Tumeandika ukurasa mmoja: nani anashika fedha, mwingine anaziona kila tarehe ngapi, deni lipi haliwezi kuchukuliwa na mmoja peke yake, na kazi iliyofanywa na mmoja inalipwaje. Kwenye kifungu cha kauli ya mwisho tumekwama. Yeye anataka tupige kura, na mimi namkumbusha kwamba tuko wawili.